Mkeka, mchele na kuroga: barua kwa wazazi kuhusu maneno ya kikundi cha darasa

Kwa wazazi na walezi wa Kidato cha Tatu,

Tangu muhula huu uanze nimepigiwa simu na wengi wenu kuhusu jambo moja: maneno ambayo watoto wanaandikiana katika kikundi cha darasa cha WhatsApp. Mama mmoja, ambaye bintiye huiazima simu yake kila jioni, alisoma kwamba mtoto "ameroga kazi ya hesabu" akataka kujua kama shuleni kumeingia ushirikina. Baba mmoja alikuta mwanawe ameandikiwa "nisoti na soo", akaniuliza mwanawe anadaiwa nini na nani. Mwingine alishangaa kwa nini watoto wa Kidato cha Tatu huulizana kila Ijumaa "fom ni gani". Maswali yamekuwa mengi, nami nimeona heri niwajibu nyote kwa pamoja.

Kikundi chenyewe mnakijua. Mtindo huu ulishika mizizi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na walimu tukalazimika kutuma kazi kwa simu. Shule zilifunguliwa, lakini vikundi vikabaki. Hapa shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo watoto huingia humo wakishafika nyumbani, wengi wao kwa simu ya mama, ya baba au ya ndugu mkubwa. Mimi ni msimamizi wa kikundi na wanajua kwamba nimo. Wanacho kingine ambacho mimi simo, na hilo pia nalijua.

Lugha wanayoiandika ni Sheng. Nyinyi mliokulia Nairobi hamhitaji kuelezwa Sheng ni nini. Baadhi yenu mliizungumza Kaloleni, Bahati au Buruburu kabla watoto hawa hawajazaliwa. Kinachowachanganya ni kwamba Sheng yenu na yao hazifanani tena. Ndiyo maana sitawapa orodha ya maneno. Orodha ningeiandika leo, na kufikia mwisho wa mwaka nusu yake ingekuwa imezeeka. Nitawaonyesha jinsi maneno haya yanavyoundwa, na jinsi ya kutambua lile linalostahili kuulizwa.

Jioni moja katika kikundi

Haya hapa mazungumzo ya aina ninayoyasoma karibu kila siku. Nimeyaunda upya kutokana na mengi ya namna hiyo, ili asitambulike mtoto yeyote.

Wa kwanza: Niaje wasee

Wa pili: Poa. Fom ya kesho ni gani?

Wa tatu: Turauke, odi wa hesabu anakam saa moja

Wa pili: Noma. Ile kazi nimeroga yote

Wa kwanza: Nimededi 💀💀

Wa pili: Masa akishika hii risto nimeisha

Wa tatu: Mbona ulinilenga jana, si ningekusaidia

Wa nne: Nani ako na soo anisoti? Nauli ya kesho imeisha

Wa tatu: Niko na finje tu

Wa tano: Msiniangalie. Mkeka wangu umechanika tena

Tuyapitie. "Niaje wasee" ni salamu, kama kusema hamjambo jamaa. "Fom" ni mpango: anayeuliza anataka kujua kesho kuna nini. Akijibiwa "turauke", anaambiwa waamke mapema, kwa kuwa "odi", yaani mwalimu, "anakam", anakuja, saa moja asubuhi. "Noma" ni balaa. Mtoto aliyeandika "nimeroga" hakumroga mtu. Amekosea, ameharibu kazi yake. Yule wa kwanza "amededi", yaani amekufa, na fuvu mbili alizoweka zinaeleza amekufa na nini: kicheko. Katika simu za vijana fuvu halihusiani na msiba, ndiyo maana mzazi aliyeliona chini ya habari za mtihani akashtuka hakuwa na haja ya kushtuka.

"Masa" ni mama, na "risto" ni habari au hadithi. Mtoto anahofia mama yake akiisikia habari hii atakuwa amekwisha. "Ulinilenga" maana yake ulinipuuza, hukujibu nilipokutafuta. "Soo" ni shilingi 100, na "finje" ni 50. "Kusoti" ni kumkwamua mtu kwa pesa kidogo.

Sasa angalieni mstari wa mwisho. Katika mazungumzo yote haya, huo ndio ulionifanya nimwite mwanafunzi kando kesho yake. Mzazi angeusoma akapita, kwa sababu hauna neno hata moja geni. Mkeka anaujua, kuchanika anakujua. Lakini mkeka katika simu za vijana ni karata ya kamari ya michezo: orodha ya mechi ambazo mtu ametabiri na kuziwekea pesa. Mkeka uliochanika ni pesa iliyokwenda, na neno "tena" linatuambia kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Ningependa mlishike hili kuliko kitu kingine chochote katika barua hii. Maneno ya ajabu, yale yanayoruka machoni, mara nyingi hayana madhara. Maneno ya kuulizia mara nyingi ni yale mnayoyajua tangu utotoni, yakiwa yamepewa kazi nyingine.

Maneno ya ajabu yanatoka wapi

Njia ya kwanza ni kukata neno na kulipa mkia mpya. Mother ya Kiingereza ikawa mathe, father ikawa fathe, mzee akawa mzae, chapati ikawa chapo. Mitaa nayo hukatwa hivyo hivyo: Buruburu ni Buru, Umoja ni Umo, Roysambu ni Roysa. Mtoto anayemwita mama yake mathe au masa katika kikundi hamvunjii heshima. Akiwa mbele yenu atawaita mama na baba kama kawaida. Hayo ni majina ya kuwazungumzia mbele ya wenzake, na kila kizazi kimekuwa nayo.

Njia ya pili ni kugeuza silabi. Chukueni neno stori, ipelekeni silabi ya mwisho mbele, mnapata risto. Mchezo huu si uvumbuzi wa Nairobi. Pwani uliitwa kinyume, na watoto waliucheza ili wakubwa wasiwaelewe. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliandika mifano ya kinyume katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870. Basi mtoto anayeandika risto yuko katika desturi ya Waswahili yenye zaidi ya miaka 150.

Njia ya tatu ni kuazima popote neno linapopatikana. Kwa pesa wana ngiri, ambalo ni neno la Kikuyu la elfu moja, na thao lililotoka katika Kiingereza kwa maana hiyo hiyo. Mbao ni shilingi 20, kiasi ambacho zamani tulikihesabu kuwa pauni moja. Wazazi wenye umri wa kukumbuka uchaguzi wa 1992 wanajua kwa nini noti ya 500 iliitwa Jirongo: Cyrus Jirongo aliongoza kikundi cha Vijana wa KANU '92, na pesa za kampeni zilimwagwa mpaka noti ikachukua jina lake. Mjaribuni mtoto wenu kwa neno hilo. Huenda asilijue kabisa, na hapo mtaona jinsi maneno haya yanavyozeeka.

Hata hivyo, chini ya maneno yote hayo kuna mifupa ya Kiswahili. Anakam ni a-na-kam, nimededi ni ni-me-dedi. Nafsi, wakati, mpangilio wa sentensi, vyote ni vyetu. Ndiyo sababu mwanaisimu Chege Githiora, aliyechapisha kitabu kuhusu Sheng mwaka 2018, anaiona kuwa ni sura mojawapo ya Kiswahili cha Kenya, wala si lugha iliyotoka nje kuja kukivamia.

Kuna jambo jingine kuhusu maneno haya ya ajabu: hayadumu. Neno huzaliwa mtaani au katika wimbo, linaingia kwenye video fupi za simu, linafika darasani, kisha siku moja kampuni inaliandika kwenye bango la matangazo Barabara ya Thika. Likifika kwenye bango, watoto wameshaliacha. Kizazi kilichoandika "xaxa" na "2taonana", wakati ujumbe mmoja wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu na kila herufi ilihesabiwa, ndicho leo kinachochekwa kwa kuandika hivyo. Mkimtumia mtoto ujumbe wa "xaxa", ataionyesha simu kwa wenzake.

Maneno mnayoyajua

Nirudi kwenye mkeka, kwa sababu nilimwuliza yule kijana, naye akanieleza bila kuficha. Anatumia akaunti ya binamu yake mkubwa, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Anaweka shilingi 50, nauli yake ya kurudi nyumbani, kisha anatembea kwa miguu. Anachagua mechi tano, na akipata zote, 50 inarudi ikiwa zaidi ya 1,000. Alikwisha pata mara moja, na tangu siku hiyo hajaacha.

Tulikaa tukalipiga hesabu kwenye daftari. Tuseme kila mechi aliyoichagua ina nafasi sawa ya kumpa na kumnyima. Mechi ya kwanza ni moja kwa mbili, mbili za kwanza kwa pamoja ni moja kwa nne, tatu ni moja kwa nane, nne ni moja kwa 16, na tano ni moja kwa 32. Maana yake, akiweka mikeka 32 ya namna hiyo ametoa shilingi 1,600, akitarajia kufaulu mara moja na kulipwa elfu moja na kitu. Na mkeka una hila yake: akibahatisha mechi nne na moja ikamwangusha, hapati chochote. Hapo ndipo wanaposema umechanika, na ndipo kijana anapojiona amebakisha kidogo tu, kumbe hakukaribia. Hesabu hiyo ilimgusa kuliko nasaha ambayo ningempa. Binamu yake ameibadilisha nywila, na mzazi wake anajua yote haya. Niliongea naye kabla ya kuandika barua hii, na yeye na mwanawe wamekubali niisimulie.

Neno la pili ni mchele. Mkisoma "kuna watu wa mchele huko", msidhani ni habari za chakula. Mchele ni dawa ya kulevya inayotiwa katika kinywaji cha mtu asipoangalia, ili alegee au alale, aibiwe au atendewe ubaya mwingine. Wengine huiita pishori, kwa mzaha wa aina ya mchele unaolimwa Mwea. Mara nyingi nimeliona neno hili likitumika kuonya: msichana anawaambia wenzake wasiache soda zao mezani kwenye sherehe fulani. Mzazi aliyemnyang'anya binti yake simu kwa ajili ya sentensi kama hiyo amemwadhibu mtoto aliyekuwa akiwalinda wenzake. La kuuliza hapo ni sherehe ipi, wapi, na nani aliwaalika.

La tatu ni mubaba. Mtasema ni baba tu aliyeongezewa silabi, na ndivyo lilivyo. Ila mubaba ni mwanamume mtu mzima anayemhonga msichana mdogo kwa pesa, simu au vocha. Huitwa pia sponyo. Binti akitaniwa na wenzake kwamba "mubaba ametuma", huenda ni mzaha mtupu. Watoto hutaniana hivyo hata kaka mtu anapomtumia dada yake vocha. Lakini utani huo ukirudiwa kwa mtoto yuleyule, na ikawa ana kitu kipya ambacho nyinyi hamkumnunulia, nipigieni.

La nne ni jaba. Hilo ni miraa, kama ilivyo veve au gomba. Ila "jaba" peke yake mwisho wa hadithi humaanisha tu kwamba msimulizi anatia chumvi, kama vile maneno ya wakaa kijiweni wakitafuna. Neno hilo moja, katika kikundi kimoja, jioni moja, laweza kuwa mzaha saa kumi na mbili na miadi saa mbili usiku. Bangi nayo ina majina mengi, ngwai na shada yakiwa ya kawaida, na siku hizi hutiwa hata katika biskuti ambazo wao huziita kuki tu.

Mtajuaje basi lini ni mzaha na lini ni kweli? Acheni neno lenyewe, tazameni limezungukwa na nini. Mzaha hauna bei, saa wala mahali. Mtoto akiandika "hiyo ni jaba", hakuna la zaidi. Akiandika "jaba ya soo, nyuma ya steji, saa kumi", hapo kuna kiasi, kuna mahali na kuna wakati. Hayo ni mapatano. Na yakifuatwa na ombi la kunyamaza, "usichome", yaani usitoboe siri, basi hamhitaji kamusi yoyote. Mimi nikiona mambo mawili kati ya hayo manne, bei, mahali, saa na ombi la siri, humwuliza mtoto ana kwa ana siku hiyohiyo. Likiwa moja tu, nalikumbuka na kusubiri.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Hakitawaambia lolote kuhusu mtoto anayeonewa, kwa sababu uonevu hauna bei wala saa. Watoto wetu huitana fala na mshamba siku nzima, na wengi hawaudhiki. Kijana aliyetoka shule ya mashambani anaweza kuitwa "Ocha", yaani mtu wa kijijini, naye akalijibu kwa jina baya zaidi na wote wakacheka. Kwa hiyo mimi sihesabu matusi, naangalia kama yanaenda na kurudi. Yakienda upande mmoja tu, na anayeitwa hivyo akaacha kuandika, kisha akaacha hata kuuliza kuhusu kazi ya ziada, kunyamaza kwake kunanihangaisha kuliko neno lolote lililoandikwa. Nyinyi mnaoishi naye mtauona ukimya huo kabla yangu.

Na mtihani je?

Wengi mmeniuliza kama Sheng itawafelisha Kiswahili. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na naweza kuwaambia kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tatu haandiki "masa" wala "risto" katika insha. Anajua fika kwamba hayo ni ya kikundini. Maneno ya ajabu hujitangaza, kwa hiyo yeye mwenyewe huyaacha mlangoni.

Kinachomnyima alama ni kile asichokiona. Sentensi hii ni ya kawaida kabisa katika madaftari yao: "Nilimpata ako na hizo vitabu venye niliacha kwa meza." Haina neno hata moja ambalo mzazi angeliita Sheng. Lakini ako imechukua nafasi ya akiwa, hizo haipatani na vitabu, venye imechukua nafasi ya kirejeshi, na kwa meza ni mezani. Sahihi ni: "Nilimkuta akiwa na vile vitabu nilivyokuwa nimeviacha mezani." Makosa manne katika sentensi ya maneno tisa, nayo yote yalipita kwa sababu ndivyo tunavyoongea nyumbani, dukani na ndani ya matatu. Ongezeni "anakujanga" badala ya huja, na "katoto" badala ya kitoto, mtakuwa na sehemu kubwa ya makosa ya lugha ninayoyapigia mstari mwekundu.

Ukimkataza mtoto kusema fom na noma, insha yake haitabadilika. Mkitaka kumsaidia, mwambieni asome gazeti la Taifa Leo kwa sauti, ukurasa mmoja, kisha asimulie alichosoma; mkisikia "hizo vitabu", msimamisheni hapo hapo. Na mtoto mkubwa akiwarudi nyinyi kwa kosa hilohilo, mvumilieni.

Liko neno moja la mtihani ambalo lazima niliseme. Karatasi ya majibu inayofichwa ili kuigiza mtihanini huitwa mwakenya. Jina hilo ni la vuguvugu la chini kwa chini la miaka ya 1980, ambalo vijikaratasi vyake vilisambazwa kwa siri na watu wakafungwa kwa kupatikana navyo. Watoto hawajui historia hiyo, ila neno limebaki. Mkiliona katika kikundi juma la mtihani, na hasa likifuatwa na bei, nijulisheni kabla ya karatasi kufunguliwa. Likigunduliwa baadaye, hatua zitakazochukuliwa hazitakuwa mikononi mwangu.

Mkikutana na neno msilolijua

Kwanza, msilitumie. Mzazi akijitia kuongea Sheng mezani, mtoto hatamfungulia moyo. Ataona haya, na kesho neno hilo litakuwa limehamishwa kwenye kile kikundi ambacho mimi simo. Pili, mwulizeni mtoto maana yake, lakini mwulizeni kuhusu neno, msimwulize kuhusu kosa. "Mkeka ni nini siku hizi?" ni swali ambalo kijana atalijibu, hata kwa majivuno ya kumfundisha mkubwa. "Unacheza kamari?" ni swali ambalo jibu lake ni hapana, awe anacheza au hachezi.

Tatu, kumbukeni kwamba maana hubadilika kwa mtaa. Neno la Kayole huenda halijulikani Lang'ata, na ndugu wa Mombasa aliyewatembelea hatawasaidia sana. Anayejua maana ni mtoto mwenyewe au mdogo wake, ambaye mara nyingi husema zaidi ya alivyoulizwa.

Nne, simu ikiwa ni yenu, mna haki ya kusoma kilichomo, nami nimewaambia wanafunzi hivyo waziwazi. Ila msipige picha mazungumzo ya watoto wa wenzenu na kuyapeleka katika kikundi cha wazazi. Mstari mmoja uliotolewa mahali pake humpaka mtoto wa mtu tope ambalo halitoki kwa ufafanuzi. Mkiwa na wasiwasi, nileteeni mimi.

Jambo likiwa zito kuliko uwezo wa mzazi na mwalimu, ziko namba mbili za bure. Mtoto au mzazi anaweza kupiga 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto kitaifa. Kwa mambo ya pombe na dawa za kulevya, NACADA wanapokea simu kwa 1192.

Nitakuwa shuleni siku ya mkutano wa wazazi kuanzia saa mbili asubuhi, na nimetenga muda kwa mwenye neno linalomkera. Andikeni neno lenyewe pamoja na sentensi mbili zilizolitangulia na mbili zilizolifuata, kwa maana bila hizo hata mimi sitajua. Simu ya mtoto iacheni nyumbani.

Wenu katika malezi,

Mwalimu wa darasa, Kidato cha Tatu